Mchepuko Kando ya Sifuri: Jaribio la Nyquist kwa Mtambo wa Aina ya Pili

Mwaka 1932 Harry Nyquist, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani, alichapisha njia ya kutambua kama kikuzi chenye mrejesho kitatulia au kitapiga kelele chenyewe. Njia hiyo haihitaji kutatua mlinganyo wowote mgumu. Inataka fomula moja tu, L(s), inayoeleza jinsi ishara inavyobadilika ikizunguka mfumo mara moja wakati kitanzi cha mrejesho bado hakijafungwa. Herufi s ni namba changamano, na kila thamani yake ni nukta kwenye bapa. Mwitiko unaolingana na nukta za nusu ya kulia ya bapa hilo hukua bila kikomo, na ule wa nusu ya kushoto hufifia. Kati yake umesimama mhimili wa dhahania, ambako mtikisiko haukui wala haufi.

Jaribio lenyewe huenda hivi. Nukta s hutembezwa kwenye mhimili wa dhahania kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, kisha hurudishwa chini kwa nusu duara kubwa linalokumbatia nusu yote ya kulia. Wakati s inatembea, L(s) nayo huchora mchoro wake kwenye bapa la pili. Kinachohesabiwa ni mizunguko ya mchoro huo kuizunguka nukta −1. Idadi ya mizunguko inayofuata mwendo wa saa ikiitwa N, na idadi ya ncha za L(s) zilizomo ndani ya njia ikiitwa P, basi Z = N + P ndiyo idadi ya miitikio inayokua baada ya kitanzi kufungwa. Mfumo hutulia pale tu Z inapokuwa sifuri.

Ncha ni thamani ya s inayofanya asili ya sehemu katika L(s) iwe sifuri, hivyo L(s) ikakosa kikomo. Hesabu ya mizunguko, ambayo mzizi wake ni kanuni ya Cauchy, haijali ncha ikiwa ndani ya njia au nje yake. Isichovumilia ni ncha iliyokaa juu ya njia yenyewe. Hapo L(s) haina thamani, mchoro unakatika, na mchoro uliokatika hauwezi kusemwa kwamba umezunguka chochote.

Hali hiyo si ya nadra. Setilaiti iliyo angani haina hewa wala ekseli ya kuizuia. Darubini ya Hubble, kwa mfano, hugeuzwa na magurudumu yanayozunguka ndani yake: gurudumu likiongezewa kasi upande mmoja, mwili wa darubini unageuka upande wa pili. Nguvu ya kugeuza huzaa mchapuko, mchapuko hujilimbikiza ukawa kasi, na kasi hujilimbikiza ikawa pembe. Kila ulimbikizaji huandikwa 1/s, na huo umefanyika mara mbili, kwa hiyo mtambo ni 1/s². Ncha zake mbili zimekaa pamoja kwenye sifuri, katikati ya mhimili wa dhahania, mahali hasa ambapo njia ya Nyquist inataka kupita. Mfumo ambao L(s) yake ina ncha mbili hapo huitwa wa aina ya pili.

Tuseme kidhibiti cha setilaiti kinaangalia pembe iliyokosewa pamoja na kasi ya kubadilika kwake, na kwamba kinachelewa kidogo, sehemu ya kumi ya sekunde. Fomula ya kitanzi wazi inakuwa

L(s) = K(1 + s) / [s²(1 + 0.1s)], na K = 3.16.

Kwenye mhimili wa dhahania s huandikwa jω, ambapo ω ni masafa ya mtikisiko kwa radiani kwa sekunde. Masafa yakiwa 1, ukubwa wa L ni karibu 4.5. Yakishuka hadi 0.1 ukubwa unafika 318, na yakiwa 0.01 unapita 31,000. Mchoro unakimbilia mbali upande wa kushoto, chini kidogo ya mhimili wa namba halisi, na kwa masafa hasi unajirudia kama kivuli chake juu ya mhimili huo. Zinabaki ncha mbili za uzi zilizoachana huko mbali, moja juu na nyingine chini. Swali lote la uthabiti liko katika namna ya kuziunganisha, na jibu haliruhusiwi kuwa la kukisia.

Jibu ni kufanya kama mafundi wa barabara wanapokuta daraja limekatika: kutengeneza mchepuko. Karibu na sifuri njia inauacha mhimili na kupita kwenye nusu duara dogo upande wa kulia, lenye nusu kipenyo ε, kisha inarudi kwenye mhimili. Kwa kuwa imepita kulia, ncha mbili zimeachwa nje ya njia, na P ni sifuri. Nukta yoyote ya mchepuko huandikwa s = εe^(jθ), ambapo θ inapanda kutoka digrii −90 hadi +90. ε ikiwa ndogo sana, mabano ya L(s) yanakaribia 1, na kinachobaki ni

L ≈ (K/ε²) e^(−j2θ).

Fomula hii fupi inasema mambo mawili. Kwanza, nusu duara dogo linageuka kuwa tao kubwa mno: ε ikiwa 0.01, nusu kipenyo cha tao ni 31,600. Pili, pembe inageuka upande wa pili na kwa kasi maradufu. Mwanzoni mwa mchepuko, θ ikiwa −90, L iko kwenye +180, yaani kushoto kabisa. Katikati ya kupanda, θ ikiwa −45, L iko juu kabisa kwenye +90. Mchepuko ukikata mhimili halisi, θ ikiwa 0, L iko mbali kulia. Kisha inashuka hadi −90, na kumalizia kwenye −180. Nusu duara moja limezaa karibu duara zima, likifuata mwendo wa saa na kupitia kulia.

Neno “karibu” hapa lina uzito. Kwenye s = j0.01 hasa, pembe si −180 bali −179.5, kwa sababu kidhibiti kinatanguliza pembe kwa nusu digrii. Nusu digrii ni ndogo, lakini kwa umbali wa 31,600 inauweka mchoro hatua 284 chini ya mhimili. Ndiyo inayoamua kama mchoro unapita chini ya −1 au juu yake.

Sasa mizunguko inaweza kuhesabiwa kwa kusimama kwenye −1 na kuufuata mchoro kwa macho. Kwa masafa chanya mchoro unatoka mbali kushoto, unapita chini ya −1 na kuishia kwenye 0, kwa hiyo macho yamegeuka digrii 180 kinyume cha saa. Lile nusu duara kubwa la nje haliongezi kitu, kwani huko L imekwisha kuwa sifuri. Masafa hasi yanageuza macho digrii 180 nyingine, pia kinyume cha saa. Kisha tao kubwa linayarudisha digrii 360 kwa mwendo wa saa. Jumla ni sifuri. N = 0, P = 0, Z = 0: setilaiti inatulia.

Ukitolewa uwezo wa kidhibiti kuona kasi, mabano (1 + s) yanaondoka na ucheleweshaji pekee unabaki. Mchoro wa masafa chanya sasa unapita juu ya −1 badala ya chini. Kila nusu ya mchoro inageuza macho digrii 180 kwa mwendo wa saa, na tao linaongeza 360 upande uleule. Mizunguko ni miwili, Z = 2. Kutatua mlinganyo 0.1s³ + s² + 3.16 = 0 kunathibitisha hivyo: setilaiti inayumba, kila myumbo ukichukua sekunde 3.6 hivi, na ukubwa wa myumbo unaongezeka maradufu kila baada ya muda usiofika sekunde 5.

Kosa linalowapata wengi ni kuziunganisha zile ncha mbili za uzi kwa mkato upande wa kushoto, kwa sababu ndiko zilikokaribiana. Bahati njema ni kwamba kosa hilo hujifichua. Katika mfano wa kwanza linatoa mzunguko mmoja kinyume cha saa, yaani Z = −1, na hakuna mfumo wenye miitikio inayokua iliyo pungufu ya sifuri. Katika mfano wa pili linatoa Z = 1. Mzizi mmoja wa upande wa kulia usio na pacha lazima uwe namba halisi chanya, lakini mlinganyo ambao vizidishi vyake vyote ni chanya hauwezi kuwa na mzizi wa namna hiyo.

Mchepuko unaweza pia kupita kushoto, na majibu hayabadiliki mradi hesabu ifanywe kwa uaminifu. Safari hii ncha mbili zimo ndani ya njia, P ni 2, na tao kubwa linazunguka kinyume cha saa. Katika mfano wa kwanza mizunguko inakuwa miwili kinyume cha saa, N = −2, na Z inabaki sifuri. Wengi huchagua kulia kwa sababu P haiongezeki, na hiyo ni sababu ya kutosha.

Udogo wa ε nao una sharti lake. Mchepuko unaacha nje kipande cha nusu ya kulia, na mzizi mbaya ukijificha humo hautahesabiwa. Katika mfano wa pili, K ikipunguzwa hadi 0.0001, mizizi miwili inayokua husogea hadi karibu sana na ±j0.01. Mchepuko wa ε = 0.1 ungeiruka na kutangaza kwamba mfumo ni salama. Dalili inaonekana kwenye mchoro wenyewe: K/ε² ni 0.01, kwa hiyo tao “kubwa” halifiki hata kwenye −1. Katika mifano hii, tao lisiloipita −1 kwa mbali sana linaonyesha kuwa ε bado ni kubwa mno.

Mchepuko huokoa njia dhidi ya ncha za L(s) tu. Mtambo 1/s² ukiachwa na K pekee, bila kidhibiti cha kasi na bila ucheleweshaji, mchoro wake wa masafa chanya unalala juu ya mhimili hasi na kupita kwenye −1 yenyewe. Hapo mizizi ya kitanzi kilichofungwa iko kwenye ±j√K, setilaiti inayumba kwa ukubwa uleule daima, na hesabu ya mizunguko haina maana.

Ncha moja kwenye sifuri huzaa tao la digrii 180, ncha tatu huzaa la 540. Paneli za jua zinazotikisika bila kufifia huweka ncha kwenye ±jω₀, mbali na sifuri, na kila moja hutaka mchepuko wake na kuzaa tao la digrii 180 kwa mwendo wa saa. Programu nyingi za kuchora hukata mchoro pale unapokuwa mkubwa mno na kuziacha ncha za uzi zikining'inia kwenye ukingo wa skrini, na tao la kuziunganisha hulazimika kuongezwa na anayesoma mchoro.