Kutoka Slaidi hadi Kijitabu: Namna ya Kuandaa Mhadhara kwa Marudio

Utangulizi

Katika Chuo Kikuu cha Kabianga, kaunti ya Kericho, sawa na katika vyuo vingine vingi nchini Kenya, mhadhara wa fasihi aghalabu humfikia mwanafunzi kwa njia ya slaidi. Mwanafunzi huichapisha faili jinsi ilivyo, slaidi sita kwa ukurasa, akabaki na maandishi madogo yasiyo na nafasi hata ya kuandikia mfano mmoja. Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kuzigeuza slaidi hizo kuwa kijitabu chenye nafasi tupu kando ya kila hoja. Mfano utakaotumika ni mhadhara wa arudhi ya ushairi wenye slaidi 12, kila slaidi ikiwa na hoja tano.

Kutenga hoja na slaidi

PowerPoint ina njia yake ya kuchapisha slaidi tatu kwa ukurasa pamoja na mistari kando. Hata hivyo, mistari hiyo ni ya slaidi nzima, si ya hoja mojamoja. Aidha, slaidi zenye mandhari meusi hula wino mwingi. Ni afadhali maneno yatolewe peke yake. Mwanafunzi afungue "View", kisha "Outline View", ayateue maneno yote na kuyanakili katika Word kwa kuchagua "Keep Text Only".

Hapa pana mtego. Mwonekano huo hauonyeshi picha wala maneno yaliyoandikwa ndani ya visanduku vilivyoongezwa na mhadhiri. Dalili yake ni kichwa cha slaidi kisichofuatwa na hoja yoyote. Kwa hivyo, slaidi zote zilinganishwe na nakala, na kilichokosekana kiandikwe kwa mkono.

Kuunda kurasa

Ukubwa wa karatasi uwekwe A5 tangu mwanzo. Anayeandika kwenye A4 na kuipunguza baadaye huona herufi za ukubwa wa 12 zikishuka hadi takriban 8.5, nazo huumiza macho. Pambizo ziwe sentimita 1.5 juu, chini na upande wa nje, na sentimita 2 upande wa mshono.

Maneno yageuzwe jedwali kwa "Convert Text to Table", safu moja, kitenganishi kikiwa "Paragraphs". Kisha safu ya pili, iliyo tupu, iongezwe kulia. Safu ya hoja iwe na upana wa sentimita 4.8, na ile tupu sentimita 6.5. Kila hoja ipewe kimo cha sentimita 3.2 kwa kuchagua "At least". Ikichaguliwa "Exactly", hoja ndefu hukatwa. Kichwa cha slaidi kichukue sentimita 1.5 na kianzie ukurasa mpya. Jumla ni sentimita 17.5, nao ukurasa una 18 za kuandikia. Hoja ya mwisho ikihamia ukurasa unaofuata, yafaa maneno yafupishwe, si nafasi tupu ipunguzwe.

Nafasi hiyo ndiyo kiini cha kazi. Hoja ikisema kwamba tarbia huwa na mishororo minne katika kila ubeti, na aghalabu mizani 16 katika kila mshororo, mwanafunzi atunge ubeti wake papo hapo, ahesabu nane za ukwapi na nane za utao, na kupigia mstari vina. Akishindwa kuijaza nafasi hiyo, amejua mahali pa kurudia.

Kupanga na kuchapisha

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne. Kwa hivyo jumla ya kurasa sharti igawanyike kwa nne. Kurasa 12 za mhadhara, jalada, ukurasa mtupu nyuma yake, na mbili za mwisho za maswali hufanya 16, yaani karatasi nne. Faili ihifadhiwe kama PDF, kisha katika Adobe Reader ichaguliwe "Print" na "Booklet". Karatasi ya kwanza hubeba kurasa 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Kurasa mbili zinazokaa pamoja hujumlika kuwa 17 daima. Zisipojumlika hivyo, mpangilio una kosa.

Printa isiyochapisha pande mbili hutumiwa kwa "Front side only", kisha "Back side only". Ijaribiwe karatasi moja kwanza. Upande wa pili ukitokea kichwa chini, karatasi imegeuzwa kwa ukingo mrefu badala ya ule mfupi. Tena, katika mvua za Kericho karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, ikajikunja na kukwama printani. Afadhali itumike iliyotoka kwenye pakiti.

Kushona

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4. Kijitabu kilazwe wazi juu ya katoni laini, stepla ifunguliwe na kubanwa mara mbili juu ya mkunjo, kisha miguu ya pini ikunjwe kwa mkono. Sindano na uzi, kupitia matundu matatu, hufanya kazi hiyo hiyo.