Uwiano wa 1.125

Mpwa wangu anauza maji ya chupa karibu na stendi ya mabasi. Jioni moja alinipigia simu akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Kwa siku 5 alikuwa ameandika daftarini joto la saa nane mchana na idadi ya chupa alizouza, kisha akaingiza namba hizo kwenye Excel ili ajue vitu hivyo viwili vinafuatana kwa kiasi gani. Kompyuta ikamjibu: 1.125.

"Mjomba, si ulisema uwiano mkubwa kabisa ni 1? Basi mimi nimeupita."

Nikamwomba anitumie picha ya daftari. Sikuwa nimeona hata namba moja ya hesabu yake, lakini nilikwishajua kuna kitu kimekosewa. Hilo ndilo jambo linalonivutia katika uwiano: jibu lenyewe linaweza kukutangazia kwamba ni la uongo.

Daftari lilisema hivi. Joto la siku hizo 5 lilikuwa nyuzi 28, 29, 30, 31 na 32. Chupa zilizouzwa zilikuwa 50, 40, 60, 70 na 80. Wastani wa joto ni 30 na wa chupa ni 60. Sasa tuache namba zenyewe, tutazame kila siku imeuacha wastani kwa kiasi gani. Kwa joto tunapata −2, −1, 0, 1, 2. Kwa chupa tunapata −10, −20, 0, 10, 20.

Ukizidisha jozi ya kila siku, siku ya kwanza inakupa 20, ya pili 20, ya tatu 0, ya nne 10 na ya tano 40. Jumla ni 90. Ni chanya kwa sababu siku za baridi ndizo zilizouza kidogo na siku za joto ndizo zilizouza sana, na hasi mara hasi ni chanya. Wastani wa mazao hayo, yaani 90 gawanya kwa 5, ni 18. Namba hiyo wanatakwimu huiita kovariansi: kipimo cha vitu viwili kupanda na kushuka pamoja.

Tabu ya kovariansi ni kwamba 18 haisemi lolote peke yake. Ni 18 ya nini? Ya nyuzi mara chupa, kipimo ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona sokoni. Angehesabu katoni badala ya chupa, namba ingebadilika ilhali biashara ni ileile. Ndiyo maana huwa tunaigawanya kwa zao la michepuko sanifu miwili. Mchepuko sanifu unaonyesha namba zimetawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani wake: unapeleka kila tofauti kwenye kipeo cha pili, unatafuta wastani wake, kisha unachukua kipeuo cha pili. Kwa joto ni takriban 1.414, kwa chupa takriban 14.142. Zao lake ni 20 kamili. Basi uwiano ni 18 gawanya kwa 20, sawa na 0.9.

Kwa hiyo jibu halali ni 0.9. Lakini kwa nini tuwe na hakika kwamba 18 haiwezi kamwe kuipita 20, hata kwa daftari jingine lolote?

Jaribu kubashiri mauzo kwa kutumia joto peke yake. Tuseme kila nyuzi moja inayozidi wastani inaongeza chupa 9. (Hiyo 9 sikuiokota hewani: ni ile 90 gawanya kwa 10, na 10 ni jumla ya vipeo vya pili vya tofauti za joto.) Siku ya kwanza bashiri letu ni chupa 18 chini ya wastani, ukweli ulikuwa 10 chini, tumekosea kwa 8. Siku ya pili tulibashiri 9 chini, ikawa 20 chini, tumekosea kwa 11. Siku ya tatu hatukukosea. Ya nne tumekosea kwa 1 na ya tano kwa 2. Vipeo vya pili vya makosa hayo ni 64, 121, 0, 1 na 4. Jumla ni 190.

Namba hiyo 190 tungeweza kuipata bila kupita siku moja moja. Vipeo vya pili vya tofauti za chupa vina jumla ya 1000. Toa humo 90 mara 90 gawanya kwa 10, yaani 810. Imebaki 190. Hesabu hii ya mkato inafanya kazi kwa daftari lolote lile, na ndani yake ndimo ulimo uthibitisho mzima. Kilichobaki ni jumla ya vipeo vya pili, na kipeo cha pili cha namba halisi hakiwi hasi. Kwa hiyo kinachotolewa hakiwezi kuzidi kile kinachotolewa humo. Ukiyapanga upya maneno hayo unapata kwamba kovariansi, iwe chanya au hasi, ukubwa wake haupiti zao la michepuko sanifu. Uwiano basi umefungiwa kati ya −1 na 1.

Turudi kwenye 1.125 ya mpwa wangu. Ili iwe kweli, ile 90 ingepaswa kuwa 112.5. Zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa 10, unapata zaidi ya 1265. Toa kwenye 1000: makosa ya kubashiri yana jumla ya vipeo vya pili iliyo chini ya sifuri. Hakuna mchana wala mauzo yanayoweza kuzaa kitu hicho. Na pale uwiano unapokuwa 1 au −1 barabara, kilichobaki ni sifuri: bashiri halikosei siku hata moja, na nukta zote zinakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Augustin-Louis Cauchy wa Ufaransa aliichapisha kanuni hii kwa majumla ya namba mwaka 1821, bila kuwa na daftari la takwimu mbele yake. Viktor Bunyakovsky wa Urusi aliipeleka mbele mwaka 1859, na Hermann Schwarz wa Ujerumani akaifikia kwa njia yake miaka ya 1880. Vitabu vingi humsahau Bunyakovsky, jambo ambalo kwangu si haki.

Kosa lenyewe lilikuwa hili:

```
=COVARIANCE.S(B2:B6,C2:C6)/(STDEV.P(B2:B6)*STDEV.P(C2:C6))
```

Fomula yenye `.S` hugawanya kwa idadi ya siku kasoro moja, yaani 4. Yenye `.P` hugawanya kwa 5. Juu alipata 22.5, chini 20. Ukitumia aina moja juu na chini, kigawanyo kinajifuta chenyewe na 0.9 inarudi. `=CORREL(B2:B6,C2:C6)` inakupa 0.9 moja kwa moja.

Nilimweleza pia kwamba alibahatika. Angechanganya kinyume chake, `.P` juu na `.S` chini, angepata 18 gawanya kwa 25, yaani 0.72, namba ya heshima ambayo isingemshtua mtu. Na angekuwa ameandika siku 30 badala ya 5, huku uwiano wa kweli ukiwa uleule 0.9, kosa lake la mwanzo lingempa takriban 0.931. Asingenipigia simu.