Kiraka cha Dharura Kisikwame Foleni

Tuseme duka moja la mtandaoni limeanza kuwakata wateja pesa mara mbili, saa mbili usiku. Fundi wa zamu anafungua taarifa ya hitilafu, inapata nambari 412, anaibandika lebo ya dharura. Baada ya dakika ishirini mwenzake ameshapata dawa: mistari minne tu ya msimbo. Anatuma ombi la kuiunganisha na programu. Lakini kabla ya kuunganishwa, ombi hilo lazima lipitiwe na mtu mwingine, na yapo mengine thelathini yanayosubiri. La kwake linakaa mkiani.

Wengi hudhani mtandao wa GitHub, ambako kazi hizi hufanyika, utajua wenyewe. Haujui. Lebo iliyobandikwa kwenye taarifa hairithiwi na ombi linaloitibu. Ni lazima mtu, au programu ndogo iliyoandikwa kwa kazi hiyo, aibandike upya kwenye ombi lenyewe.

Ipo njia ya kuviunganisha viwili hivyo: kuandika `Fixes #412` katika maelezo ya ombi. Hapa ndipo penye mtego. Maneno hayo hufanya kazi pale tu ombi linapoelekea tawi kuu la msimbo, ambalo kwa kawaida huitwa `main`. Kiraka cha dharura mara nyingi hakielekei huko. Huelekea tawi la toleo ambalo wateja wanalitumia, tuseme `release-2.4`. Hapo GitHub huyapuuza maneno yale kimyakimya, bila onyo lolote. Kwa hiyo timu inayopanga foleni yake kwa kutegemea kiungo hicho inakikosa kiraka kile kile inachokihitaji usiku huo.

Ndiyo maana naiamini lebo kuliko kiungo. Mwenye zamu ya kuhakiki aanze kwa amri hii:

```
gh pr list --label hotfix --search "review:required"
```

Itamletea yale ya dharura tu ambayo bado yanadai kuhakikiwa. Akikuta kumi, ajue lebo imeshageuzwa njia ya kuruka foleni. Airuhusu tu kwa ombi linalotaja taarifa ya hitilafu inayowaumiza wateja sasa hivi.

Naye anayehakiki asitafute usafi wa majina ya vigezo. Aulize kama mistari ile minne inazuia malipo ya pili, na kama inaweza kuondolewa upesi ikiharibu. Ombi likiwa na mistari mia tatu, alirudishe. Usiku huo ni afadhali kurejesha toleo la jana.

Malipo yakishatulia, taarifa 412 itabaki wazi, na iachwe hivyo. Ifungwe pale marekebisho yale yatakapoingizwa `main` kwa ombi la pili lenye `Fixes #412`. Bila ombi hilo, toleo lijalo litatoka na ugonjwa ule ule.