Betri Inayojipima Yenyewe

Chukua kifaa kidogo kinachokaa juu ya simtanki na kutuma taarifa ya kiasi cha maji kila baada ya dakika kumi. Ndani yake mna chipu ya ATmega328P, ileile iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno, redio ndogo ya kurushia taarifa, na betri mbili ndogo za AA zinazowapa umeme moja kwa moja. Betri mpya mbili zina takriban volti 3.2. Zikitumika, volti zinashuka polepole, mpaka siku moja kifaa kinanyamaza na mwenye nyumba hajui kama tanki limekauka au betri zimekwisha. Kifaa kinatakiwa kitoe taarifa ya betri zake kabla hakijafika huko.

Njia iliyozoeleka ni kuunga rezista mbili kwenye betri na kupima volti katikati yake. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ina gharama. Ukiweka rezista mbili za kiloomu 10 kwenye volti 3, zinakunywa miliampea 0.15 usiku na mchana. Kwa mwaka mzima hiyo ni karibu miliampea-saa 1,300, zaidi ya nusu ya umeme wote uliomo kwenye betri ya AA ya kawaida. Chipu yenyewe, ikiwa imelala huku saa yake ya kujiamsha ikiendelea, hutumia takriban mikroampea 4 tu. Kwa hiyo rezista za kupimia betri zinaimaliza betri zaidi ya mara 30 kuliko chipu inayotumwa kuilinda. Unaweza kuweka rezista kubwa, za megaomu moja moja, lakini kipimio cha ndani ya chipu kimetengenezwa kwa ajili ya chanzo kisichozidi kiloomu 10. Itabidi uongeze kapasita ili usomaji utulie.

Kuna tatizo jingine ambalo wengi hulikuta wakishamaliza kuunga nyaya. Kipimio cha chipu hakitoi volti, kinatoa uwiano. Kinalinganisha volti inayopimwa na volti rejea, kisha kinatoa namba kati ya 0 na 1023. Kwa kawaida volti rejea hiyo ni umeme uleule unaoendesha chipu, yaani betri. Sasa ukipima nusu ya betri kwa kutumia betri kama rejea, jibu ni 512 betri ikiwa mpya, na ni 512 betri ikiwa hoi. Ukiona kipimo cha betri kimeganda hapo katikati wiki baada ya wiki, sababu ni hiyo.

Suluhisho limo ndani ya chipu yenyewe. ATmega328P ina saketi ndogo inayotoa takriban volti 1.1, na volti hiyo haibadiliki sana betri inaposhuka. Watu wengi hufikiria kuitumia kama rejea ya kupimia vitu vingine. Hapa tunageuza: betri inabaki kuwa rejea, na tunachopima ni ile volti 1.1.

Fikiria utepe wa fundi cherehani unaosinyaa kila siku. Huwezi kuuamini kwa kupimia gauni. Lakini ukiwa na kipande cha kitambaa unachojua hakika ni mita moja, kipime kila asubuhi kwa utepe huo. Siku utepe utakaposema kitambaa ni mita moja na robo, utajua umesinyaa, na utajua umesinyaa kiasi gani. Betri ndiyo utepe, na volti 1.1 ndiyo kitambaa.

Hesabu yake ni fupi: zidisha 1.1 kwa 1024, kisha gawanya kwa namba iliyosomwa. Betri ikiwa na volti 3.0, kipimio kitasoma kama 375. Ikishuka hadi 2.4, kitasoma 469. Namba inapanda betri inaposhuka, jambo linalowachanganya wanaoanza. Lakini hapo pana faida nzuri: kadiri betri inavyodhoofika, hatua za kipimo zinakuwa ndogo zaidi, hivyo usahihi unaongezeka wakati ule unapouhitaji. Kwenye volti 3 kila hatua ni kama milivolti 8, kwenye 2.4 ni kama 5.

Kwenye programu ya Arduino, kazi yote ni hii:

```
ADMUX = _BV(REFS0) | _BV(MUX3) | _BV(MUX2) | _BV(MUX1);
delay(2);
ADCSRA |= _BV(ADSC);
while (bit_is_set(ADCSRA, ADSC));
long mV = 1126400L / ADC;
```

Mstari wa kwanza unachagua betri iwe rejea na volti 1.1 iwe kinachopimwa. Usiruke ule wa pili. Saketi ya ndani ni dhaifu na inahitaji muda wa kutulia, hasa chipu ikiwa imetoka usingizini. Ni vizuri pia kupima mara mbili na kutupa jibu la kwanza. Namba zikirukaruka kila kifaa kinapoamka, kisha zikatulia, ujue muda huo haukutosha.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni ile 1.1 yenyewe. Mtengenezaji anaahidi tu kwamba itakuwa kati ya volti 1.0 na 1.2, na kila chipu ina yake. Tuseme umeweka mita kwenye betri ikaonyesha volti 3.06, huku kifaa kikidai ni 3.20 baada ya kusoma 352. Zidisha 3060 kwa 352, unapata 1077120. Namba hiyo ndiyo inayochukua nafasi ya 1126400 kwa chipu hiyo, na inamaanisha volti yake ya ndani ni kama 1.05. Bila marekebisho hayo, betri ikifika 2.4 kifaa kitaamini bado ina 2.51. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu chipu hii ikiendeshwa kwa megahezi 8 inahitaji angalau volti 2.4. Chini ya hapo inaweza kufanya makosa yasiyotabirika kabla haijazima.

Wakati wa kupima nao una maana. Betri iliyochoka ikipumzika huonyesha volti nzuri, kisha huanguka redio inapowaka. Pima mara tu baada ya kutuma taarifa, kabla betri haijajikusanya, nawe utapata picha ya kweli.

Njia hii hupima umeme unaofika kwenye chipu, basi. Kama kati ya betri na chipu pana regyuleta, kama ilivyo kwenye Arduino Uno inayopewa umeme kwa volti 9, utasoma karibu volti 5 siku zote mpaka betri iko mahututi. Kwa betri ya sola ya volti 12 bado utahitaji rezista. Lakini kwa betri mbili za AA, au betri moja ya lithiamu yenye volti 4.2 ikiwa imejaa, chipu hii inaweza kuungwa moja kwa moja, maana inavumilia hadi 5.5.

Fanya marekebisho ya mita kabla hujafunga boksi na kulipandisha juu ya tanki, hifadhi namba ya kila chipu kwenye kumbukumbu yake ya EEPROM, na ukibadilisha chipu, anza upya.