Ejekta Inavyopandisha Maji ya Kisima

Pampu iliyowekwa juu ya ardhi haivuti maji. Hupunguza presha ndani ya bomba lake, kisha hewa ya nje, inayokandamiza uso wa maji kisimani, huyasukuma maji yapande. Nguvu ya hewa hiyo ina kikomo. Katika usawa wa bahari, kama Dar es Salaam au Mombasa, haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10.3 hivi, hata bomba likiondolewa hewa yote. Kwa kuwa utupu kamili haupatikani na maji husuguana na bomba, kikomo cha kazi ni mita 7 hadi 8. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi na kikomo hushuka hadi kama mita 6. Kipimo ni kutoka kwenye pampu hadi uso wa maji, si hadi sakafu ya kisima. Kisima cha mita 15 ambacho maji yake yamesimama mita 5 kutoka juu bado ni kifupi kwa pampu.

Pampu ya jeti ina mota, gurudumu la mapezi linalorusha maji, na ejekta. Sehemu ya maji yaliyorushwa huenda kwenye tangi. Sehemu nyingine hurudishwa kwenye ejekta na kupitishwa katika nozeli nyembamba. Yakibanwa hapo, maji hupata kasi kubwa, na kasi ikipanda presha hushuka, kama Daniel Bernoulli alivyoeleza mwaka 1738. Kuzunguka mdomo wa nozeli presha huwa ndogo kuliko ya hewa, hivyo maji ya kisima huingia. Mbele yake kuna koo jembamba ambamo maji ya kasi huyachukua yale mapya na kuyagawia mwendo wake. Baada ya koo, njia hupanuka polepole, kasi hupungua na kugeuka tena kuwa presha ya kuyapandisha maji.

Kwenye pampu ya bomba moja, ejekta hukaa juu pamoja na mota, kwa hiyo kikomo cha hewa kinabaki palepale. Tuseme nyumba ya Dar es Salaam ina kisima cha mita 14. Wakati wa masika maji husimama mita 6 kutoka juu na pampu hufanya kazi vizuri. Mwishoni mwa kiangazi yameshuka hadi mita 9, na pampu ikiwashwa hushuka mita moja zaidi. Mota inanguruma, bomba ni kavu, na mara nyingi mota nzima ndiyo hulaumiwa bure.

Dawa mojawapo ni kuishusha ejekta hadi mita 12, ndani ya maji yenyewe. Bomba moja huipelekea maji ya kusukumia, la pili hurudisha maji hayo pamoja na ya kisima. Sasa kazi kubwa ya kupandisha hufanywa na msukumo kutoka chini, na kikomo cha hewa hakizuii tena. Gharama yake ni umeme: maji yaleyale huzungushwa tena na tena, na mengi ya nguvu hupotea katika mchanganyiko wenye vurugu ndani ya koo.

Pampu ya kuzamishwa husukuma tu, kwa sababu iko ndani ya maji. Kuinua lita 2,000 kwa saa kwa jumla ya mita 18, tangi likiwa juu ya mnara, kunahitaji kama wati 100 za kazi halisi. Pampu ya kuzamishwa inaweza kutumia wati 300 hivi. Jeti ya mabomba mawili huweza kufika 700. Kwa kisima hiki, ya kuzamishwa ndiyo chaguo bora.

Hata hivyo jeti hutengenezwa juu, bila kuopoa chochote, isipokuwa ejekta ikiwa chini. Ikihitaji kujazwa maji kila asubuhi, kwa kawaida vali ya chini ya bomba inavuja. Jaribio ni rahisi: bomba hujazwa hadi juu na kutazamwa. Maji yakishuka, vali haifungi au kiungo kimepasuka. Vali ikiwa nzima, nozeli ichunguzwe, kwani punje za mchanga huiziba.

Ya kuzamishwa huharibiwa na mchanga na kukimbia bila maji, hivyo huhitaji kizimio cha kiotomatiki maji yanapopungua. Mota yake hupozwa na maji yanayopita ubavuni. Katika kisima kipana cha kuchimbwa kwa mkono, maji huingia kwenye pampu bila kuigusa mota, nayo huweza kuungua ingawa imezama. Fundi huivika bomba pana linalolazimisha maji yapite kando ya mota kabla ya kuingia.