Usaha sikioni: kwanza likaushwe

Mtoto wa darasa la kwanza ametokwa na usaha sikioni kwa zaidi ya wiki mbili. Ukimwita kutoka nyuma, haitiki. Kwa kawaida hapo kiwambo cha sikio, ngozi nyembamba inayotikiswa na sauti, kimetoboka. Kwa kuwa hakitikisiki vizuri, sauti humfikia hafifu, na darasani huonekana kama mtoto asiyesikiliza.

Tundu hilo ni mlango. Maji ya kuoga au ya kuogelea hupenya hadi sikio la kati na kuamsha usaha upya. Ndiyo maana kukausha ni nusu ya tiba. Sokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, kiingize taratibu, kikilowa kitoe, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Rudia mara tatu kwa siku. Vijiti vya pamba na njiti za kiberiti vinaumiza, viache.

Dawa ya matone hufuata baada ya kukausha, la sivyo huelea juu ya usaha. Kliniki mara nyingi hutoa matone ya siprofloksasini kwa wiki mbili. Usichukue matone yoyote dukani, kwani jentamisini ikipita kwenye tundu inaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Mafuta ya moto na maji ya vitunguu pia visitiwe kabisa.

Anapooga, ziba sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito, kisha iondoe.

Uvimbe nyuma ya sikio, kizunguzungu au uso kupinda: mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usaha unaonuka usiokoma nao unahitaji daktari wa masikio.