Mlango wa mkato wa mjenzi wa gemu

Anayejenga hatua ya tano ya gemu hawezi kucheza nne za mwanzo kila akisogeza ukuta. Ndiyo maana *Quake*, gemu ya mwaka 1996, ina konsoli: unabonyeza `~`, pazia linashuka kwenye skrini, unaandika amri.

```
map e1m5
give 3
give s 20
```

Ya kwanza inakupeleka hatua ya tano, ya pili inakupa bunduki ya mitutu miwili, ya tatu inaweka risasi zako 20. Ukiongeza `r_speeds 1`, namba zinatokea juu ya mchezo: milisekunde zilizotumika kuchora kila picha. Ukiingia chumba fulani zikavuka 33, picha hazifiki hata 30 kwa sekunde. Chumba hicho ni kizito.

Mtego uko kwenye `map`: inakuanzisha upya, na shoka, bunduki ya kawaida na risasi 25 tu. Utadhani hatua ni ngumu mno, kumbe mchezaji halisi angefika na silaha zake. `changelevel e1m5` huzihifadhi. Na `god` je? Ukiiwasha hufi, basi huwezi kujua kama dawa ulizoweka zinatosha. Kabla ya kuitoa hatua, icheze mara moja bila amri yoyote.